Kiwanja cha Chekechea Hukaguliwa Saa 12 Asubuhi

Dalali wa Dar es Salaam akikupeleka kuona nyumba ya kufungulia chekechea, huwa na sifa moja anayoitanguliza: "Mwalimu, hapa pamechangamka." Atakuonyesha kituo cha daladala, safu ya fremu za biashara, genge, duka la dawa na vijana wa bodaboda waliojipanga chini ya mwembe. Mara nyingi mtafika hapo saa 5 asubuhi au saa 10 jioni, na kweli watu watakuwa wengi. Ila wengi wao hawana mtoto mkononi. Chekechea hujazwa na watu wa aina moja tu: mtu mzima anayetoka nyumbani alfajiri na mtoto wa miaka 3 hadi 5, mwenye dakika chache za kumwacha mahali kabla hajawahi gari la kwenda kazini. Huyo saa 5 hayupo barabarani. Amekwishapita.

Ndiyo maana naona makosa mengi ya kuchagua eneo huanzia kwenye saa ya ukaguzi. Mtu anakagua nyumba, ukubwa wa uwanja, choo, maji na uzio, na vyote hivyo ni vya lazima, kisha analipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, kama wenye nyumba wengi wanavyotaka kwa nyumba ya biashara. Masomo yanaanza Januari, wanakuja watoto 11. Hapo ndipo anapoanza kuuliza wazazi wa mtaa huo huelekea wapi asubuhi.

Tuuchukue ukanda mmoja wa Dar es Salaam ili tuone kazi yenyewe inavyofanyika: barabara inayotoka Mbezi Mwisho, kwenye Barabara ya Morogoro, ikapita Malamba Mawili na Kinyerezi hadi Banana, kwenye Barabara ya Nyerere. Ni kilomita zipatazo 14. Lami ilipowekwa, nyumba ziliongezeka pande zote mbili: za kupanga zenye vyumba vingi, za wenyewe zenye geti na uzio, na mapagale yanayongoja bati. Watu wa hapa hawaendi kazini upande mmoja. Wengine hupandisha Mbezi Mwisho wakaishike Barabara ya Morogoro kuelekea Kimara, Ubungo na Kariakoo. Wengine huteremka Kinyerezi kuelekea Segerea, Tabata, Banana au uwanja wa ndege. Kwa mtu wa chekechea, mgawanyiko huo una uzito kuliko idadi ya paa anazoziona.

Sababu yake ni rahisi. Mtu huwa anachora duara kichwani: shule ipo katikati, na kila nyumba iliyo ndani ya kilomita moja ni mteja. Asubuhi duara hilo halipo. Mzazi huteremka na njia yake kama maji ya mto, na hawezi kurudi juu kumwacha mtoto halafu ashuke tena. Anayekaa mita 200 kutoka shuleni, lakini kituo chake cha daladala kiko upande wa pili, atakuona uko mbali. Anayekaa mita 900 nyuma yako, ambaye kila siku lazima apite mlangoni kwako, atakuona uko karibu. Kwa hiyo shule huokota watoto wa nyumba zilizo nyuma yake, upande ambao safari ya asubuhi inaanzia. Nyumba zilizo mbele yake, kati ya shule na kituo, humpa watoto wachache mno. Wengi watakaotoka huko ni wale wanaopelekwa na bibi au dada wa kazi, ambao hawana gari la kuwahi.

Umbali nao una mpaka wake. Mtoto wa miaka mitatu anayetembea mwenyewe, akisimama kuokota kijiti na kumwangalia mbuzi, hufanya kilomita mbili au zaidi kidogo kwa saa. Robo saa ya mwendo huo haizidi sana nusu kilomita. Zaidi ya hapo itabidi abebwe, apakizwe pikipiki au bajaji, au apandishwe gari la shule, na kila mojawapo ni gharama ambayo mzazi ataijumlisha kwenye ada hata kama wewe hukuiandika.

Basi simama pale saa 12 kamili hadi saa 2, siku mbili za katikati ya juma, shule zikiwa zimefunguliwa. Usihesabu wapita njia. Hesabu mikono iliyoshika mikono midogo, pamoja na pikipiki na bajaji zilizobeba mtoto. Kwa kila mtoto andika mambo matatu: ametokea uchochoro upi, ameelekea wapi, na nani amemshika. Baba au mama aliyevaa nguo za kazini anapita na njia yake. Dada wa kazi aliyejifunga kanga ametoka kumpeleka mtoto tu na atarudi, kwa hiyo anaweza kuchepuka. Mtoto wa darasa la nne aliyemshika mdogo wake atakwenda pale tu shule yake ilipo, na watoto wa aina hii ni wengi kuliko wageni wa mtaa wanavyodhani. Chekechea iliyo njiani kuelekea shule ya msingi ya serikali hupata wasindikizaji wasiolipwa.

Angalia pia upande wa barabara. Tanzania magari hupita kushoto, na bajaji au gari dogo la mzazi litasimama kushoto. Nyumba iliyo kushoto kwa mtu anayekwenda kazini humwachia mtoto getini. Iliyo kulia inamlazimisha avuke lami na mtoto saa ambayo daladala zinafukuzana kuwahi abiria. Barabara pana kama ya Morogoro pale Kimara na Mbezi, yenye njia nyingi, ni ukuta kabisa. Nyumba za ng'ambo zifute kwenye hesabu yako, isipokuwa kama kuna daraja la waenda kwa miguu ambalo umeona kwa macho yako wazazi wakilipita na watoto. Kwa barabara ya njia mbili kama hii ya Malamba Mawili usizifute zote, ila usizihesabu kama za upande wako.

Halafu kuna korongo. Ardhi ya Mbezi, Msigani na Kinyerezi ina mabonde na mikondo ya maji mingi, na njia inayopitika vizuri Januari inaweza kukatika mvua za masika zikianza Machi. Kuna mitaa ambayo watu huvuka kwa magogo au kwa mawe yaliyopangwa, na mkubwa aliyevua viatu hupita bila shida. Mtoto wa miaka mitatu hapiti. Ukifungua Januari, utakuwa umekaa na watoto wako miezi miwili tu kabla mvua haijaanza kukuonyesha wanaotoka ng'ambo ya korongo. Kama umeiona nyumba wakati wa kiangazi, muulize mama lishe wa jirani maji hufika wapi Aprili. Huyo hana nyumba ya kukupangisha wala kamisheni ya kutafuta, kwa hiyo hana sababu ya kukupamba.

Sasa tuingie ndani ya nyumba.

Wengi huanzia kwenye Sensa ya Watu na Makazi, na ni mwanzo mzuri. Ofisi ya Taifa ya Takwimu imechapisha idadi ya watu na kaya kwa kila kata, na kwa mkoa mzima wa Dar es Salaam sensa ya 2022 ilikuta watu 5,383,728. Lakini sensa hiyo ilihesabu waliolala nchini usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022. Mtoto atakayetimiza miaka mitatu Januari 2027 alizaliwa Januari 2024, kwa hiyo hayumo. Tena kata ni kubwa mno kwa biashara ambayo wateja wake wanaishi kwenye vichochoro vitatu. Sensa ikusaidie kujua ukubwa wa eneo. Watoto watafute kwa miguu.

Mlango wa kuingilia ni ofisi ya serikali ya mtaa. Jitambulishe kwa mwenyekiti, eleza unachokusudia, omba mjumbe anayeufahamu mtaa akutembeze. Bila mjumbe, mgeni anayepita nyumba hadi nyumba akiuliza habari za watoto wadogo atashukiwa, na kwa haki kabisa. Ukiwa naye utakaribishwa, na yeye mwenyewe atakueleza nyumba ipi ina familia sita na ipi ina mlinzi peke yake. Hilo ndilo kosa kubwa la kuhesabu paa kwenye picha za setilaiti: pagale lina paa, nyumba ya mzee ambaye watoto wake wote wako chuo kikuu ina paa, na nyumba ya vyumba vinane vyenye wapangaji wanane, wote wakiwa na watoto wadogo, nayo ni paa moja tu.

Umri wa mtaa nao useme. Mitaa iliyojengwa na wenyewe huzeeka pamoja na wenyewe. Familia ilihamia na watoto wa chekechea, na miaka kumi baadaye watoto hao wako sekondari, geti ni lile lile na gari limekuwa zuri zaidi, lakini kwako hawana mtu. Nyumba za kupanga huwa na vijana wapya kila wakati, kwa hiyo watoto wadogo hawaishi. Shida yake ni kuhama: mkataba ukiisha mpangaji anaweza kuondoka katikati ya muhula na mtoto akaondoka naye. Mimi ningependa mtaa wenye mchanganyiko, wapangaji wakiwa wengi zaidi kidogo.

Katika kila kaya uliza machache. Kuna watoto wangapi wa miaka 3 hadi 5? Asubuhi wako wapi? Nani anawapeleka, na kwa usafiri gani? Wanalipa kiasi gani kwa mwezi au muhula? Swali la mwisho wazazi hulijibu kwa uhuru usioutarajia, kwa sababu kila mzazi ana malalamiko kuhusu ada. Swali la kuepuka ni hili: "Nikifungua chekechea hapa, utamleta mwanao?" Mswahili hamvunji moyo mgeni aliyeketi kwenye mkeka wake. Utajibiwa ndiyo na kila mtu.

Kuna chanzo kingine ambacho wachache hukikumbuka, nacho ni zahanati. Chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, kisha tena miezi 18. Muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto hawezi kukupa majina, na usimwombe. Anaweza kukueleza kama watoto wa chanjo wanaongezeka au wanapungua mwaka hadi mwaka. Aliyechomwa sindano ya miezi 18 leo ni mwanafunzi wako baada ya mwaka mmoja na nusu.

Washindani nao wasihesabiwe kwa mabango. Mabango yanakuonyesha chekechea za mtaa, hizi ambazo wazee wa Dar bado wanaziita shule za vidudu, na kwa mtu mpya hizo ndizo hatari ndogo zaidi. Wa kwanza wa kumwogopa hana bango: ni dada wa kazi, au bibi aliyeletwa kutoka kijijini. Kwa mtoto wa miaka mitatu mzazi hachagui kati ya shule yako na ya jirani. Anachagua kati ya shule yako na mtoto kubaki nyumbani na mtu ambaye tayari analipwa au halipwi kabisa. Mtaa ambao kila kaya ina bibi utakuwa mgumu kwako hata kama hauna chekechea hata moja. Na mtaa ambao hauna chekechea hata moja nao uutazame kwa shaka, kwa maana huenda waliotangulia walifungua, wakafunga, na mjumbe anawakumbuka kwa majina.

Wa pili ni darasa la awali katika shule ya msingi ya serikali. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na katika shule za serikali ada haitozwi. Darasa hilo humchukua mtoto wako akifika miaka mitano, ukiwa umemlea tangu mitatu. Basi hesabu yako isisimame juu ya watoto wa miaka mitano katika mtaa wa kipato cha chini. Hata hivyo darasa la awali hutoka mapema, kabla ya adhuhuri, na mama anayeuza sokoni hadi jioni bado anatafuta mahali pa mtoto kukaa. Chekechea inayokaa na watoto hadi saa 10 haishindani na serikali. Inamalizia siku pale serikali ilipoishia.

Wa tatu hupita mbele yako kwenye gari la njano. Shule za mchepuo wa Kiingereza zenye chekechea na msingi pamoja hukusanya watoto mbali sana, na gari la kwanza linaweza kuwa mtaani saa 11 na nusu alfajiri. Ukiwa umesimama pale na daftari lako, andika majina yaliyo ubavuni mwa kila gari na watoto wadogo uliowaona wakipanda. Ikiwa magari manne tofauti yanaingia kwenye uchochoro mmoja, umejifunza mambo mawili kwa mara moja: kaya za humo zina uwezo wa kulipa ada na nauli, na zimekwishafanya uamuzi. Kumrudisha mtoto kutoka kwenye gari hilo ni kazi nzito, maana mzazi hakununua chekechea peke yake. Amenunua nafasi ya darasa la kwanza katika shule ile ile, ili asije kuhangaika na usaili baadaye. Chekechea isiyo na shule ya msingi inapaswa ikubali tangu mwanzo kwamba watoto wa namna hiyo itakaa nao mwaka mmoja au miwili, kisha wataondoka.

Kwa chekechea za jirani, nenda kama mzazi. Uliza ada, uliza kama kuna nafasi, tazama. Darasa lenye zulia huwa na viatu mlangoni, na viatu havidanganyi kama mwenye shule. Linganisha darasa la wadogo kabisa na lile la wanaojiandaa kwenda darasa la kwanza. Wadogo wakiwa wengi, shule inakua au mtaa una watoto wapya. Wakubwa wakiwa wengi na wadogo wachache, kuna kitu kinakauka, na utafute ni shule au ni mtaa. Kipimo kilichokubalika katika elimu ya awali nchini ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Ukikuta darasa la watoto 45 na mwalimu mmoja, usiende mbali, kwa sababu wazazi wao wanajua.

Sasa tufanye hesabu. Tumweke mwalimu mmoja anayetaka kufungua chekechea Malamba Mawili, na dalali amemwonyesha nyumba tatu. Kiasi cha fedha na idadi zilizo hapa ni za mfano, wewe utaweka zako. Nyumba ya kwanza iko karibu na mzunguko wa watu Mbezi Mwisho, kodi shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Ya pili iko ukingoni mwa lami Malamba Mawili, bango lake litaonekana na kila daladala, kodi 700,000. Ya tatu iko mita 300 ndani, kwenye njia ya vumbi inayopokea vichochoro vitatu kabla ya kutokea kwenye lami, kodi 450,000. Dalali anaisifia ya pili. Ya tatu aliionyesha kwa sababu tu walikuwa wanapita.

Mwalimu anahesabu asubuhi. Mbezi Mwisho anawaona watu kwa mamia, wenye watoto wadogo ni 14, na 9 kati yao wanapanda magari pamoja na watoto hao. Wamefika pale wakiwa tayari na mahali pa kwenda. Kwenye nyumba ya pili wanapita wazazi 31 na watoto, lakini 22 wanaelekea Mbezi, na nyumba iko kulia kwao. Ili wamwache mtoto, wavuke lami kisha warudi kuvuka tena. Kuna zaidi ya hilo: njia ya vumbi inapotokea kwenye lami, wengi wanakata kushoto kwenda Mbezi, na nyumba ya pili iko mita 200 upande wa kulia, kuelekea Kinyerezi. Bango litaonekana na kila daladala, ila wazazi wa mtaa huo wataipa mgongo kila asubuhi. Kwenye nyumba ya tatu wanapita 26 tu, na wote wanatokea nyuma yake.

Nyuma ya nyumba ya tatu mjumbe anamhesabia kaya 700. Mwalimu anatembelea kaya 60, akichukua kila ya kumi na mbili hivi ili asijaze daftari na majirani wa mjumbe. Anakuta watoto 21 wa miaka 3 hadi 5, yaani 35 kwa kila kaya 100. Kwa kaya 700 wanakuwa 245. Mtu mwenye haraka angeishia hapo na kukodi nyumba kwa furaha. Yeye anawagawa wale 21: tisa wako nyumbani, watano darasa la awali la serikali, wanne chekechea za jirani, watatu wanapanda magari ya njano. Kati ya tisa wa nyumbani, watatu wazazi wao walikwishaulizia chekechea mahali fulani mwaka huu na walitaja ada wanayoiweza. Hicho ni kitendo, siyo ahadi. Kati ya wanne wa jirani, mmoja mama yake amelalamika darasa limejaa na anatafuta pengine. Jumla wanne kati ya 21. Kwa watoto 245, hao ni kama 46.

Hao 46 hawatakuja wote Januari ya kwanza. Wazazi husubiri waone watoto wa wenzao wakirudi salama na nguo safi. Nusu yao, 23, ndiyo makadirio ya mtu mwenye akiba ndogo.

Gharama: kodi 450,000, walimu wawili 800,000, msaidizi 200,000, mpishi anayefanya na usafi 180,000, mlinzi 170,000, uji, maji, umeme na vifaa 300,000. Ni 2,100,000 kwa mwezi. Ada ikiwa 70,000 kwa mwezi, mtu hugawanya na kupata watoto 30, na hapo amejidanganya. Wazazi watalipa miezi 10, kwa sababu kuna likizo ya katikati ya mwaka na ya mwisho wa mwaka, wakati kodi na mishahara ni miezi 12. Ukitoa uji na vifaa vya miezi miwili ya likizo, mwaka unagharimu 24,600,000, na mtoto mmoja analeta 700,000. Anahitaji watoto 36. Akiwa na 23 mwaka wa kwanza, atapungukiwa 8,500,000, na fedha hizo ziwepo benki kabla hajapaka rangi ukuta. Wakifika 46 analipa gharama zote na kubaki na kitu, akiwa bado chini ya 50 ambao walimu wawili wanaweza kuwabeba.

Rudia hesabu hiyo kwa nyumba nyingine. Nyumba ya pili, kwa kodi yake peke yake, inataka watoto 40. Ya Mbezi Mwisho inataka 48, yaani ijae karibu yote tangu siku ya kwanza ili isipate hasara. Kwa madarasa mawili hiyo haikodishiki, hata dalali akikupunguzia kamisheni.

Lakini tusiiamini sana 46. Imetokana na watoto wanne katika daftari, na wanne ni wachache. Wangekuwa wawili, hesabu ingeshuka hadi 23 na shule isingesimama kabisa. Matokeo yako yakikaa karibu na mstari wa kujilipa kama haya, tembelea kaya nyingine 60 kabla ya kuamua. Yakiwa mbali juu au mbali chini ya mstari, nguvu hizo zitunze.

Limebaki jambo la ofisi, na ni fupi. Kabla ya kulipa, uliza halmashauri kama nyumba hiyo inaruhusiwa kutumika kwa shughuli ya shule. Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana husajiliwa kupitia ustawi wa jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, wakati shule ya awali husajiliwa na wizara ya elimu. Jua unafungua kipi kati ya hivyo, kwa sababu masharti ya majengo hayafanani, na nyumba iliyo njiani kabisa kwa wazazi haina faida ikikataliwa na mkaguzi.

Ukishafungua, kitabu cha kuandikisha wanafunzi kiwe na safu ya uchochoro anakotoka mtoto na ya mtu anayemleta. Likizo ya katikati ya mwaka ikifika, utaona kwa macho nyumba zipi zimekuja na zipi zimenyamaza. Uchochoro uliotoa wazazi wengi kwenye hesabu yako na haukuleta mtoto hata mmoja una sababu, na mara nyingi utaikuta ardhini: kalavati lililobomoka, mbwa wa geti fulani, au njia mpya ya mkato inayowatoa wazazi kwenye kituo kingine. Watoto wakiacha kuja Aprili na kurudi Juni, tatizo ni maji. Wakiondoka Januari moja kwa moja, ni magari ya njano. Na kama mkataba wa nyumba bado haujasainiwa, mwambie dalali umpe jibu wiki ijayo, kisha kesho saa 12 asubuhi uwe umesimama pale mlangoni na daftari.